CMF na Force Index: jinsi ya kuzikokotoa mwenyewe, na la kufanya zinapopingana

Kila mwezi napokea picha zile zile za chati kwenye simu. "Kaka, CMF iko juu ya sifuri, mbona bei inashuka?" Mwingine atauliza: "Force Index ya hisa hii ni milioni mbili na ya ile ni elfu arobaini, ipi ina nguvu?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja, basi majibu yote nayaweka hapa. Tutaviunda viashiria hivi viwili kwenye Eksel kwa mikono yetu, kwa sababu aliyewahi kuandika fomula hizi mwenyewe hana tena haja ya kuuliza maswali hayo mawili.

Nadharia ni fupi. Vyote viwili vinaunganisha bei na idadi ya hisa zilizouzwa, kisha vinapanda na kushuka kuzunguka sifuri. Tofauti iko kwenye swali linaloulizwa. CMF, yaani Chaikin Money Flow ya Marc Chaikin, huuliza: leo bei imefunga wapi kati ya bei ya chini na bei ya juu ya siku hii hii? Force Index, ambayo Alexander Elder, daktari wa magonjwa ya akili aliyegeukia biashara ya hisa, aliieleza mwaka 1993, huuliza: bei imesogea kiasi gani tangu jana? Cha kwanza hakijui habari za jana, na cha pili hakijali yaliyotokea katikati ya siku. Mambo mengi yaliyo hapa chini yanatokana na hilo.

Andaa hivi kabla ya kuanza

- Eksel au Google Sheets. Simu inatosha, ila kompyuta itakupunguzia makosa ya vidole.
- Bei za kila siku za hisa moja kwa siku 60 hivi: bei ya juu, bei ya chini, bei ya kufunga na idadi ya hisa zilizouzwa. Dalali wako hutuma ripoti ya soko kila jioni, na masoko yenyewe hutoa orodha ya bei.
- Tarehe ambazo hisa hiyo ilianza kuuzwa bila haki ya gawio, na kiasi cha gawio kwa hisa. Wengi huruka hapa, halafu ndipo wanapoumia.
- Hisa inayouzwa kila siku. Kampuni inayouza hisa 300 Jumatatu na kukaa kimya hadi Ijumaa haina mtiririko wowote wa kupima.

Hatua ya 1. Panga safu

Mstari wa kwanza uwe wa vichwa. Safu A ni tarehe, B bei ya juu, C bei ya chini, D bei ya kufunga, E hisa zilizouzwa. Siku ya zamani zaidi iwe juu, ya karibuni chini. Ukizipanga kinyume, Force Index itageuka alama yote: kununua kutaonekana kuuza, na Eksel haitakuonya.

Weka kwanza namba hizi za majaribio. Ni za kutunga, nimezichagua ili hesabu iwe nyepesi. Mstari wa 2 una bei ya kufunga tu, maana ni "jana" ya siku ya kwanza.

```
      B      C      D      E
2                   20.00
3   20.40  19.90  20.30  100000
4   20.60  20.20  20.50  120000
5   20.70  20.30  20.40   80000
6   19.60  19.10  19.50  300000
7   19.70  19.30  19.60  100000
```

Hatua ya 2. Tafuta kizidishi cha siku

Kwenye F2 andika fomula hii, kisha iburute hadi chini:

```
=IF(B2=C2,0,((D2-C2)-(B2-D2))/(B2-C2))
```

Bei ikifunga kwenye kilele cha siku, jibu ni 1. Ikifunga kwenye sakafu, ni -1. Ikifunga katikati kabisa, ni 0. Chukua siku ya mstari wa 3: kufunga ni senti 40 juu ya bei ya chini, na senti 10 chini ya bei ya juu. 40 toa 10 ni 30. Gawa kwa upana wa siku, senti 50, unapata 0.6.

Sehemu ya mwanzo ya fomula, `IF(B2=C2,0`, usiifute. Kwenye masoko yetu kuna siku nyingi ambazo hisa yote imeuzwa kwa bei moja, hivyo bei ya juu ni sawa na ya chini. Bila kinga hiyo utakuwa unagawa kwa sifuri, na kosa moja litaharibu siku 20 zinazofuata.

Hatua ya 3. Kamilisha CMF

Kwenye G2 zidisha kizidishi kwa hisa zilizouzwa, kisha buruta chini:

```
=F2*E2
```

CMF ni jumla ya safu G kwa siku kadhaa, gawanya kwa jumla ya safu E kwa siku zile zile. Kipindi cha kawaida ni siku 20, wengine hutumia 21. Kwa majaribio yetu ya siku 5, andika kwenye H7:

```
=SUM(G3:G7)/SUM(E3:E7)
```

Safu G itakupa 60,000, 60,000, -40,000, 180,000 na 50,000. Jumla ni 310,000. Hisa zilizouzwa kwa jumla ni 700,000. CMF ni 0.44. Ukipata namba nyingine, usiendelee. Rudi hatua ya 2.

Ukishaweka bei halisi kuanzia mstari wa 2, CMF ya siku 20 itaanzia H21:

```
=SUM(G2:G21)/SUM(E2:E21)
```

Hatua ya 4. Force Index ya siku moja

Hapa naongeza safu K kwa ajili ya gawio. Iache tupu siku zote, isipokuwa siku ya kwanza ambayo hisa inauzwa bila haki ya gawio. Siku hiyo andika kiasi cha gawio kwa hisa moja. Kisha kwenye I3:

```
=(D3-D2+K3)*E3
```

Kwa namba zetu utapata 30,000, kisha 24,000, -8,000, -270,000 na 10,000.

Hatua ya 5. Ilainishe

Force ya siku moja huruka sana, haisomeki. Elder huilainisha kwa EMA, wastani unaozipa uzito zaidi siku za karibuni, wa siku 2 kwa mwendo mfupi au siku 13 kwa mwendo mrefu. Ya siku 13, kwa bei halisi, huanza na wastani wa kawaida kwenye J15:

```
=AVERAGE(I3:I15)
```

Halafu kwenye J16, na kuburuta chini:

```
=I16*2/14+J15*12/14
```

Ukitaka ya siku 2, anza na wastani wa I3 na I4, kisha kila siku chukua theluthi mbili za Force ya leo na theluthi moja ya EMA ya jana. Kwa mfano wetu mstari wa 7 utaishia karibu na -52,900.

Hatua ya 6. Sasa tazama ulichopata

Simama hapa kidogo. Kwa siku zile zile tano CMF inasema 0.44, yaani wanunuzi wametawala kabisa. Kwa kawaida chochote kinachopita 0.05 tayari huhesabiwa ni shinikizo la kununua. Force inasema -52,900, wauzaji wameshika. Bei yenyewe imetoka 20.00 hadi 19.60.

Kilichowatenganisha ni mstari wa 6. Jana bei ilifunga 20.40. Leo soko likafunguka chini na bei haikuvuka 19.60 siku nzima. Kuna pengo. Humo ndani ya siku, wanunuzi waliipandisha kutoka 19.10 hadi 19.50, na CMF ikawapigia makofi: kizidishi 0.6 mara hisa 300,000. Kwa kuwa siku hiyo ina karibu nusu ya hisa zote za juma, ikaburuta hesabu nzima. CMF haina mahali popote ndani ya fomula yake ambapo bei ya jana inaingia. Senti 90 zilizopotea tangu jana hazikuwepo kwake.

Mimi nililipa ada ya somo hili. Niliwahi kuongeza hisa za kampuni moja siku mbili baada ya pengo la namna hii kwa sababu CMF "ilikuwa imekataa kushuka". Haikukataa kitu, haikuona. Nilikaa na hisa zile miezi minane nikisubiri bei yangu irudi.

Lakini usikimbilie kuitupa CMF. Tuseme siku hiyo ya mstari wa 6 ndiyo hisa ilianza kuuzwa bila haki ya gawio la senti 80. Andika 0.80 kwenye K6. Force ya siku hiyo itapanda kutoka -270,000 hadi -30,000 tu, maana kati ya zile senti 90, 80 ni gawio linalokwenda kwa wenye hisa wa jana, na wauzaji wameshusha senti 10. Hapo CMF ndiyo iliyokuwa karibu na ukweli tangu mwanzo, na Force bila safu K ndiyo iliyokuwa inapiga kelele za bure.

Kwa hiyo viashiria viwili vikipingana, usipige kura. Nenda kwenye tarehe lilipotokea pengo, uliza pengo limeletwa na nini. Kama ni gawio, jaza safu K. Kama ni matokeo mabaya ya robo mwaka au habari nyingine ya kweli, iamini Force hadi siku hiyo itoke kwenye siku 20 ambazo CMF inazijumlisha.

Hatua ya 7. Soma kwa mpangilio

Mimi huanza na mwelekeo wa bei yenyewe, kwa EMA ya siku 22 au jicho tu. Hisa ikiwa inapanda, nasubiri Force ya siku 2 ishuke chini ya sifuri: ni pumziko ndani ya safari ya kupanda, na ndivyo Elder anavyoitumia. Kisha natazama CMF ya siku 20. Ikiwa bado juu ya 0.05, pumziko hilo naliona la kawaida. Ikiwa imezama chini ya -0.05 wakati bei bado iko karibu na kilele, nasubiri. Force ya siku 13 naitumia kwa jambo moja: bei inapofanya kilele kipya na Force ikafanya kilele kifupi kuliko cha mwanzo, najua wanaoisukuma wamepungua.

Kuvuka sifuri peke yake sikufuati. Kwenye hisa inayotembea ubavu, CMF itavuka sifuri mara tatu kwa mwezi, na ada ya dalali italipwa kila safari.

Onyo kwa wanaonunua Nairobi

Bei ya kufunga kwenye Soko la Hisa la Nairobi si bei ya mauzo ya mwisho. Ni wastani wa bei za siku uliopimwa kwa idadi ya hisa, ule unaoandikwa VWAP kwenye orodha ya bei. Hili linaigusa CMF moja kwa moja.

Chukua siku ambayo hisa 40,000 zimeuzwa kwa 20.00 asubuhi, 40,000 kwa 20.50 mchana, na 20,000 kwa 21.00 jioni. Bei imepanda siku nzima na imemalizia kwenye kilele. Kwa bei ya mauzo ya mwisho, kizidishi kingekuwa 1. Lakini wastani uliopimwa ni 20.40, na kizidishi kinakuwa -0.2. Siku ya wanunuzi imeandikwa kuwa ya wauzaji.

Wastani huvutwa kuelekea katikati ya siku, kwa hiyo CMF ya huko huwa imesinyaa, na mpaka wa 0.05 uliozoeleka kwenye masoko ya Marekani hauna uzito ule ule. Unaweza kutafuta bei ya mauzo ya mwisho, kuiweka safu L, na kubadilisha kila D2 iwe L2 kwenye fomula ya safu F pekee, ili Force iendelee kusoma safu D. Kama huipati, itegemee zaidi Force, ambayo hulinganisha wastani wa leo na wastani wa jana, kitu kimoja kwa kitu kimoja. Kwa soko lingine lolote, muulize dalali bei ya kufunga inapatikanaje kabla ya kuanza.

Kwa wanaofanya foreksi

Volyumu unayoiona kwenye MetaTrader kwa jozi za sarafu ni idadi ya mara ambazo bei imebadilika kwa dalali wako. Si kiasi cha fedha. Viashiria vyote viwili vitachora mistari mizuri, ila kinachopimwa ni shughuli, si pesa iliyoingia au kutoka. Vilevile Force Index ya MetaTrader hulainisha bei kwanza ndipo ikazidisha kwa volyumu, wakati sisi tumezidisha kwanza ndipo tukalainisha. Namba hazitafanana na za Eksel yako, na hakuna aliyekosea.

Kikikwama

*CMF imepita 1 au iko chini ya -1.* Haiwezekani kihesabu kama bei ya kufunga iko kati ya ya juu na ya chini. Tafuta mstari ambao safu F imevuka 1 au -1. Hapo bei ya kufunga iko nje ya siku yake. Mara nyingi umenakili mstari wa kampuni ya jirani, au bei ya kufunga ni ya jana iliyoachwa kwa kuwa mauzo yalikuwa madogo.

*Namba zipo lakini jumla inatoka ndogo au sifuri.* Namba ulizonakili kutoka PDF zimeingia kama maandishi, mara nyingi kwa sababu ya nafasi au mkato wa maelfu. SUM huziruka bila kusema. Angalia zinakoegemea kwenye kisanduku: namba halisi huegemea kulia, maandishi kushoto.

*Fomula inakataliwa tangu mwanzo.* Kompyuta yako imewekwa kwa lugha inayotumia mkato kwenye desimali. Badilisha mikato ya fomula iwe nukta mkato.

*CMF imeruka leo, na leo hakuna kilichotokea.* Angalia siku iliyotoka, si iliyoingia. Dirisha la siku 20 linaposogea, siku ya 21 huanguka nje. Ikiwa ilikuwa na mauzo makubwa kama mstari wetu wa 6, kuondoka kwake peke yake kunatosha kuvusha CMF upande wa pili wa sifuri. Hiyo si ishara ya kununua wala ya kuuza.

*Siku moja imefunika chati nzima ya Force.* Huenda ni mauzo ya mkupuo: wawekezaji wawili wakubwa wamepatana pembeni na hisa zao zimepita sokoni siku moja. Muulize dalali. Ikiwa ndivyo, ondoa idadi hiyo kwenye safu E, na uandike pembeni kuwa umeiondoa.

*Force ya hisa moja ni milioni, ya nyingine ni elfu.* Usilinganishe. Force ni shilingi mara idadi ya hisa, haina kikomo, na kampuni yenye mabilioni ya hisa kama Safaricom itakuwa na namba kubwa hata siku ya kusinzia. Linganisha hisa na historia yake yenyewe. CMF, kwa kuwa imegawanywa kwa volyumu, unaweza kuilinganisha kati ya hisa mbili za soko moja.

*Eksel na TradingView hazikubaliani.* Hakikisha vipindi: huko CMF huanza na 20, na Force, inayoandikwa Elder Force Index, huanza na 13. Kisha tazama siku za mwisho badala ya za mwanzo. EMA hubeba kumbukumbu ya mahali ilipoanzia, na yako imeanza juzi wakati yao imeanza miaka mingi nyuma. Tofauti hiyo huyeyuka baada ya siku 40 au 50. Na hakikisha umefungua Chaikin Money Flow, si Chaikin Oscillator. Hiyo ya pili ni kitu kingine cha bwana yule yule, tofauti ya EMA ya siku 3 na ya siku 10 za mstari wa Accumulation/Distribution. Ndiyo pekee kati ya hizo mbili inayokuja ndani ya MetaTrader 5, na nusu ya picha za "CMF" ninazotumiwa huwa ni hiyo.